Kipimo kimoja zaidi: jedwali la tofauti la Newton na joto la Ziwa Tanganyika

Ukitoka na mtumbwi kutoka Kibirizi, Kigoma, na kushusha kipimajoto majini kwa kamba yenye alama, utaona kwamba joto la Ziwa Tanganyika halishuki kwa mwendo mmoja. Maji ya juu yana joto na hayatofautiani sana. Ukishuka zaidi kuna tabaka ambamo joto linaanguka haraka, na chini ya tabaka hilo linapungua kidogo kidogo tu. Ziwa lina kina cha karibu mita 1,470, na huko vilindini maji yanabaki juu kidogo ya nyuzi 23 mwaka mzima.

Kamba haisimami kila mita. Unapima sehemu chache, kisha unataka kujua joto la kina ambacho hukupima. Tuseme umepata vipimo vinne: juu kabisa nyuzi 27.00, mita 20 nyuzi 26.80, mita 50 nyuzi 26.20, na mita 100 nyuzi 24.20. Namba hizi nimezichagua mimi ili hesabu itoke safi, lakini umbo lake ndilo la ziwa hili. Swali ni je, mita 70 kuna nyuzi ngapi?

Njia ya kawaida ni kutafuta polinomia inayopita katika vipimo vyote vinne, halafu kuisoma pale unapotaka. Vipimo vinne vyenye vina tofauti vinaruhusu polinomia moja tu isiyozidi kipeo cha tatu. Hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye namna ya kuiandika, na hapo ndipo kazi inapopungua au kuongezeka.

Wengi tuliopita kidato cha tano na sita tutaanza na `a + bx + cx² + dx³`, tuweke vipimo vinne, tupate milinganyo minne, tuitatue kwa pamoja. Jibu litatoka. Tatizo linakuja kesho yake, mtu anaporudi ziwani na kipimo cha tano. Sasa kuna `ex⁴`, milinganyo mitano, na `a`, `b`, `c`, `d` za jana karibu zote zinabadilika. Karatasi ya jana haikusaidii kitu. Njia ya Lagrange, kwa jinsi inavyofundishwa kwa kawaida, inakwepa milinganyo lakini ina shida ileile: kila kipande chake kinabeba vina vyote, kwa hiyo kina kipya kinaingia katika kila kipande.

Isaac Newton alilikabili jambo hili katika kitabu cha tatu cha Principia, kilichotoka mwaka 1687, alipohitaji mkunjo unaopita katika nukta kadhaa ili kufuatilia nyota zenye mkia. Siri yake ni kuandika polinomia ileile kwa vipande vinavyozima kwenye vipimo vya nyuma. Tupime kina kwa makumi ya mita, ili mita 20 iwe 2 na mita 100 iwe 10. Polinomia yetu tutaiandika hivi:

```
P(x) = A + B·x + C·x(x-2) + D·x(x-2)(x-5)
```

Tazama kipande cha mwisho. Ukiweka x = 0, kinakuwa sifuri. Ukiweka 2, sifuri. Ukiweka 5, sifuri. Kinaamka tu kwenye kina cha 10. Kipande cha tatu nacho ni sifuri kwenye 0 na 2. Kwa hiyo A inaamuliwa na kipimo cha kwanza peke yake, B na viwili vya kwanza, C na vitatu vya kwanza, na D na vyote vinne. Hakuna anayerudi nyuma kumsumbua aliyetangulia.

Jedwali la tofauti ni namna nadhifu ya kupata A, B, C na D. Andika vina na joto kwa kushuka. Safu inayofuata ni mteremko kati ya vipimo viwili jirani: toa joto kwa joto, gawanya kwa tofauti ya vina. Kati ya 0 na 2 tunapata (26.80 − 27.00) ÷ 2 = −0.1. Kati ya 2 na 5 ni −0.6 ÷ 3 = −0.2. Kati ya 5 na 10 ni −2 ÷ 5 = −0.4.

Safu ya tatu ni mteremko wa miteremko, na hapa ndipo watu wanapojikwaa. Unatoa −0.1 kwenye −0.2, unapata −0.1, lakini unagawanya kwa nini? Namba hizo mbili kwa pamoja zimegusa vina vitatu: 0, 2 na 5. Kigawanyo ni umbali kati ya viwili vya pembeni, yaani 5 − 0 = 5, wala si 5 − 2. Jibu ni −0.02. Ya pili inagusa 2, 5 na 10, kwa hiyo ni (−0.4 + 0.2) ÷ 8 = −0.025. Safu ya mwisho inagusa vina vyote: (−0.025 + 0.02) ÷ 10 = −0.0005.

```
kina    joto
  0     27.00
  2     26.80   -0.1
  5     26.20   -0.2   -0.02
 10     24.20   -0.4   -0.025   -0.0005
```

Namba ya mwisho ya kila mstari ndiyo unayoihitaji. Ukishuka nazo kwa mshazari unapata 27.00, −0.1, −0.02 na −0.0005, ambazo ni A, B, C na D kwa mpangilio huo. Kujua kama umekosea kigawanyo mahali fulani, weka kina cha mwisho kwenye polinomia: 27 − 1 − 0.02 × 80 − 0.0005 × 400 ni 27 − 1 − 1.6 − 0.2, yaani 24.20. Imerudi kwenye kipimo. Isingerudi, tungeanza kukagua vigawanyo vya safu ya tatu kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa mita 70 huna haja ya kufungua mabano. Anza ndani kabisa na utoke nje: −0.02 + (7 − 5) × (−0.0005) = −0.021. Zidisha kwa 7 − 2, yaani 5, ongeza −0.1, unapata −0.205. Zidisha kwa 7, ongeza 27, unapata 25.565. Kuzidisha mara tatu tu na jibu liko mkononi: kama nyuzi 25.6.

Sasa kipimo cha tano. Kamba ndefu zaidi imepatikana, na mita 200 chini kipimajoto kimesoma nyuzi 23.74. Kabla ya kukiongeza, tuiulize polinomia ya zamani ilikuwa inadhani nini kuhusu kina hicho. Weka x = 20: 27 − 2 − 7.2 − 2.7 = 15.10. Nyuzi kumi na tano! Ilipishana na ukweli kwa nyuzi 8.64. Haishangazi, maana vipimo vyake viliishia mita 100, mahali ambapo joto lilikuwa bado linaporomoka, na polinomia iliendelea kuporomoka nalo.

Kuongeza kipimo ni kuandika mstari mmoja chini ya jedwali. Mistari minne ya juu haiguswi.

```
 20     23.74   -0.046   0.0236   0.0027   0.00016
```

Kila namba ya mstari huu imetokana na jirani yake wa kushoto na aliye juu ya huyo jirani. Ya kwanza ni (23.74 − 24.20) ÷ (20 − 10) = −0.046. Ya pili ni (−0.046 + 0.4) ÷ (20 − 5) = 0.0236. Ya tatu ni (0.0236 + 0.025) ÷ (20 − 2) = 0.0027. Ya nne ni (0.0027 + 0.0005) ÷ (20 − 0) = 0.00016. Tumegawanya mara nne na kutoa mara nane, basi. Polinomia mpya ni ile ya jana, herufi kwa herufi, pamoja na kipande kimoja: `0.00016·x(x-2)(x-5)(x-10)`.

Kwa nini haikuhitaji zaidi ya hapo? Fikiria polinomia mpya ukiondoa ya zamani. Zote mbili zinapita katika vipimo vinne vya mwanzo, kwa hiyo tofauti yao ni sifuri kwenye 0, 2, 5 na 10. Polinomia ya kipeo cha nne yenye sifuri katika sehemu hizo nne haina uhuru wowote uliobaki isipokuwa ukubwa wake: lazima iwe namba fulani mara x(x−2)(x−5)(x−10). Kwa hiyo kipimo kipya, hata kiwe cha ajabu kiasi gani, kinaweza kuleta jambo moja tu lisilojulikana. Hatutafuti namba tano mpya. Tunatafuta moja.

Na hiyo moja unaweza kuipata bila jedwali kabisa. Kwenye x = 20, zao la mabano ni 20 × 18 × 15 × 10 = 54,000. Polinomia ya zamani ilipungukiwa 8.64. Basi namba tunayoitafuta ni 8.64 ÷ 54,000, ambayo ni 0.00016, ileile iliyotoka mwisho wa mstari wetu. Napenda sana ulinganifu huu, kwa sababu unaonyesha maana ya namba ya mwisho ya jedwali: ni kiasi ambacho polinomia ya zamani ilikosea kwenye kipimo kipya, kikigawanywa kwa zao la umbali kutoka vipimo vyote vya nyuma. Pia ni ukaguzi mzuri. Njia mbili zisizotegemeana zikikupa namba moja, hesabu yako ya mstari mpya iko sawa.

Kwa ujumla, ukiwa na vipimo n tayari, kipimo kinachofuata kinadai kugawanya mara n na kutoa mara 2n. Ukiwa na 20, jedwali zima limekugharimu kugawanya mara 190, na cha ishirini na moja kinagharimu 20 tu. Njia ya milinganyo ya pamoja inakua vibaya zaidi: ukizidisha idadi ya vipimo mara mbili, kazi inakaribia kuwa mara nane, na kila kipimo kipya kinakurudisha mwanzo.

Wala huhitaji kuhifadhi jedwali zima. Mstari mpya unasoma mstari ulio juu yake tu. Kwa hiyo anayeandika programu anatunza orodha ya vina, mstari wa mwisho, na pembeni namba za mshazari anazozihitaji kwa polinomia:

```python
def ongeza(vina, mstari, x, y):
    mpya = [y]
    for k in range(len(vina)):
        mpya.append((mpya[k] - mstari[k]) / (x - vina[-1-k]))
    return vina + [x], mpya
```

`mpya[-1]` ndicho kizigeu cha kipande kipya. Programu itakwama pale tu `x` inapolingana na kina kilichopo tayari, kwa sababu utagawanya kwa sifuri. Na ni haki ikwame: vipimo viwili vya kina kimoja ni jambo la kuamua ziwani, ama uchukue wastani au utupe kimoja, kabla hujakaribia jedwali.

Jambo moja la desimali lisipite hivi hivi. Namba 0.00016 inaonekana ndogo kiasi kwamba mkono unawasha kuiandika 0.0002. Usifanye hivyo. Tofauti ni 0.00004, lakini kwenye mita 200 inazidishwa kwa 54,000, na joto linapotoka kwa nyuzi 2.16. Tunza tarakimu zote hadi jibu la mwisho, kisha ndipo ukadirie.

Je, polinomia yetu ya vipimo vitano ni nzuri? Inapita katika vyote, lakini iulize kuhusu mita 150. Ya zamani inatoa 20.625, kipande kipya kinaongeza 1.56, jumla 22.185. Hapo pana kasoro. Mita 200 tulipima nyuzi 23.74, kwa hiyo polinomia inadai kuna maji baridi zaidi mita 50 juu ya maji yenye joto zaidi. Katika nyuzi hizi maji baridi ni mazito kuliko ya moto, na chumvi ya ziwa hili ni kidogo mno kubadilisha hilo; maji kama hayo yangezama. Polinomia haijui fizikia, inajua vipimo tu, na kati ya mita 100 na 200 hatukuipa hata kimoja.

Basi tunapima mita 150, na kipimajoto kinasoma 23.94. Mwanafunzi makini atauliza kama inabidi kukiingiza kati ya 10 na 20 na kuandika jedwali upya. Hapana. Vina haviwi lazima vifuatane kwa ukubwa, wala nafasi kati yao hazilazimiki kulingana. Kiandike chini kabisa, na vigawanyo vibebe alama ya hasi pale inapotokea:

```
 15     23.94   -0.04   0.0012   -0.00224   -0.00038   -0.000036
```

Ya kwanza ni (23.94 − 23.74) ÷ (15 − 20) = −0.04, na nyingine zinafuata njia ileile. Tumegawanya mara tano. Polinomia sasa inapita mita 150 bila kosa.

Lakini iulize kuhusu mita 130, inajibu 23.68, chini ya ile 23.94 ya mita 150. Iulize mita 180, inajibu 24.52, ambayo ni joto kuliko hata mita 100. Tumeongeza kipimo sahihi, kwa gharama ndogo, na mkunjo bado unayumba. Sababu iko kwenye umbo la ziwa: joto linaporomoka kwenye tabaka moja kisha linanyooka ghafla, na polinomia moja haiwezi kuinama kwa ukali mahali pamoja bila kulipa kwa mawimbi mahali pengine. Mwaka 1901 Carl Runge alionyesha kwamba kuna mikunjo laini kabisa ambayo, ukiipima kwa nafasi sawa na kuongeza vipimo bila kikomo, polinomia inayumba zaidi na zaidi karibu na ncha. Kwa hiyo wepesi wa kuongeza kipimo usichukuliwe kuwa sababu ya kuviingiza vyote.

Hapa ndipo jedwali lilelile linapokuwa na matumizi bora kuliko kujenga polinomia moja kubwa. Kwa kuwa mpangilio ni huru, anza na vipimo vilivyo karibu na kina unachokitaka, ongeza kimoja kimoja, na tazama kila kipande kinabadilisha jibu kwa kiasi gani. Tutafute joto la mita 120, yaani x = 12, tukianza na 10, kisha 15, kisha 20, kisha 5:

```
 10     24.20
 15     23.94   -0.052
 20     23.74   -0.04    0.0012
  5     26.20   -0.164   0.0124   -0.00224
```

Kipimo cha kwanza kinatupa 24.20. Cha pili kinaongeza −0.052 × 2 = −0.104, tunafika 24.096. Cha tatu kinaongeza 0.0012 × 2 × (−3) = −0.0072, tunafika 24.089. Kila hatua ni ndogo kuliko iliyotangulia, jibu linatulia. Cha nne, kutoka mita 50, kinaongeza −0.00224 × 2 × (−3) × (−8), ambayo ni −0.1075. Ghafla hatua imekuwa kubwa mara kumi na tano kuliko ya kabla yake. Kipimo hicho kiko juu ya tabaka la mporomoko, katika maji ya tabia nyingine, na kinavuta jibu kuelekea kule. Mimi ningesimama kwenye cha tatu na kuandika nyuzi 24.09, huku nikijua kwamba hatua iliyokataliwa inanionya kuwa shaka ya kama sehemu moja ya kumi ya nyuzi imebaki. Anayetaka kuipunguza arudi na kamba mita 110 au 130 na aandike mstari mmoja zaidi.

Ona pia ile −0.00224 mwishoni. Imetokea mara mbili: hapa, na katikati ya mstari wa 15 kwenye jedwali kubwa. Mara zote mbili imetengenezwa na vina vilevile vinne, 5, 10, 15 na 20, kwa mpangilio tofauti. Tofauti ya vipimo fulani haijali vimeandikwa kwa zamu gani, na ndiyo maana tuliweza kuingiza mita 150 baada ya mita 200 bila kufuta chochote.